Alinifuata jioni: kutafsiri malalamiko ya mfanyakazi bila kuyapooza wala kuyachochea

"Jioni alinifuata akaniambia mkono mtupu haulambwi."

Maneno sita tu. Mtu yeyote aliyekulia Mufindi, au popote pale Tanzania, akiyasoma anajua kilichotokea: kuna mtu alimwendea mwenzake baada ya kazi akamdokeza atoe chochote. Ni rushwa imeombwa kwa methali. Sasa tazama sentensi hiyohiyo ilivyotoka baada ya kijana mmoja anayechapa barua mjini Mafinga kuigeuza Kiingereza. Mimi niliirudisha kwa Kiswahili neno kwa neno ili mwenye barua asikie yaliyoandikwa kwa jina lake: "Wakati wa jioni mwanaume huyo alininyemelea kwa nyuma na kuniambia kwamba mkono ulio uchi haulambwi."

Mama wa watu alishika mdomo. Karani wa mizani aliyekuwa anamlalamikia kwa kumkata kilo za chai ni mwanamke, jirani yake wa mstari wa pili katika nyumba za wafanyakazi. Hakumnyemelea, alimpitia kwake wakiwa wote wametoka shambani. Na hakuna aliyezungumzia uchi. Lakini ofisa wa rasilimali watu anayekaa bara jingine, ambaye hajawahi kusikia methali hiyo, angeisoma sentensi ile na kuona kitu kimoja tu: mwanaume msimamizi, jioni, mfanyakazi wa kike, mkono, kulamba. Angefungua jalada la unyanyasaji wa kijinsia. Uchunguzi ungeanza kumtafuta mwanaume asiyekuwepo, na kilo za chai zilizompeleka mama kuandika barua zingesahaulika. Tena siku karani atakapoonekana kuwa ni mwanamke, mlalamikaji ndiye angeitwa mwongo.

Kilichomwokoa ni mwanawe wa kidato cha nne, aliyeisoma ile karatasi ya Kiingereza akasema, "Mama, hapa sidhani kama ndivyo ulivyosema." Wakaniletea zote mbili.

Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka kadhaa hapa nyanda za juu kusini, na barua za malalamiko ndizo zinazonitoa jasho kuliko mikataba. Mkataba una maneno yake yaliyozoeleka. Barua ya malalamiko imeandikwa na mtu mwenye uchungu anayejizuia, akimwandikia mtu mwenye uwezo wa kumfukuza, kwa lugha ambayo heshima yake imejengwa tofauti kabisa na Kiingereza cha ofisini. Mwenyewe ameniruhusu niitumie barua hii, na nimebadilisha mambo madogomadogo asije akatambulika. Hii hapa:

"YAH: MALALAMIKO JUU YA KUKATWA KILO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza naishukuru kampuni kwa kunipa kazi tangu mwaka 2019. Mimi ni mchumaji wa chai. Tangu mwezi wa tatu karani wa mizani ananikata kilo. Siku ya Jumanne nilipeleka chai saa nne, mzani ukasoma 31, yeye akaandika 26, akasema majani yana maji wakati siku hiyo mvua haikunyesha. Nilipouliza nilisemwa sana mbele ya wenzangu, nikaambiwa kama sitaki kazi niondoke, wenye shida wako wengi. Jioni alinifuata akaniambia mkono mtupu haulambwi. Mimi nimeonewa na roho imeniuma sana. Naomba ofisi iangalie jambo hili na nirudishiwe haki yangu. Isipowezekana nitafika mbele zaidi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wako mtiifu."

Barua fupi, imepangika, na kwa Kiswahili chetu ina msimamo mkali kuliko inavyoonekana kwa haraka. Kazi ya mfasiri ni kuufikisha msimamo huo ukiwa na uzito uleule.

Nianze na jambo ambalo wengi hulipuuza: ni nani anatafsiri. Kampuni nyingi zenye makao makuu nje humwachia kazi hiyo mtu wa ofisi ya hapahapa shambani, kwa sababu yupo na Kiingereza anakijua. Mtu huyo anakula mezani na karani anayelalamikiwa, na bosi wake ndiye atakayeulizwa kwa nini mzani hauaminiki. Hata akiwa mwaminifu, mkono wake utalainisha. Nimewahi kuona tafsiri za namna hiyo, na kama barua ya mama ingepitia njia hiyo, nina hakika ingefika imepungua kuwa hivi, nikiirudisha Kiswahili: "Mfanyakazi ana wasiwasi kuhusu upimaji wa uzito na mawasiliano kati yake na msimamizi, na anapendekeza suala hilo lipitiwe."

Soma tena. Hakuna uongo ndani yake, ila 31 na 26 zimepotea. Kusemwa mbele ya watu kumegeuka mawasiliano, na kuombwa rushwa kumefutika. Neno "malalamiko" limekuwa "wasiwasi", na hilo lina matokeo ya kiofisi: katika kampuni nyingi zenye utaratibu rasmi, lalamiko hupewa namba, tarehe ya kujibiwa na mtu wa kulichunguza, lakini wasiwasi huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kuishia hapo. Ndiyo maana kichwa cha barua ndicho cha kwanza kulindwa. Mama ameandika malalamiko. Kwa Kiingereza yawe malalamiko, kwa neno lilelile ambalo sera ya kampuni inalitumia kwa lalamiko rasmi. Sera hiyo huwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo au imo katika kitabu cha mfanyakazi. Iombe na uisome kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Hilo ndilo kosa la kupooza. Lipo la pili, la kuchochea, na hili hufanywa na watu wanaompenda mlalamikaji: mtoto wake, mwanasheria wa kujitolea, au mfasiri mwenye hasira kwa niaba yake. Wao huandika: "Nimekuwa nikinyanyaswa kwa makusudi na kwa utaratibu. Nadai fidia mara moja, la sivyo nitawashtaki." Mama hakusema hivyo. Siku atakapoitwa kwenye kikao na mkalimani akamuuliza, "Mama, ulisema utaishtaki kampuni?" atajibu kwa ukweli wake, "Hapana, sikusema hivyo." Barua yote itaanza kutiliwa shaka kuanzia hapo.

Basi tuipitie barua kwenye sehemu ambazo uzito unaweza kuyumba.

Maneno ya adabu

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni ufunguzi wa kila barua ya kiofisi Tanzania. Anayeugeuza neno kwa neno huandika kitu kinachosikika kama amri, kana kwamba mama anamwambia mkurugenzi ashughulike na kichwa cha gazeti. Kiingereza kina mstari wake wa kazi hiyo: unataja kuwa unaandika kuhusu jambo fulani, basi. Vivyo hivyo "Wako mtiifu". Kwetu ni kufunga barua tu. Ukiupeleka utiifu wenyewe, msomaji wa leo atamwona mama kama mtumwa wa karne iliyopita. Tumia kifungio cha kawaida cha barua rasmi na uendelee.

Shukrani za mwanzo ni habari nyingine. Wafasiri wengi huzikata wakiona ni mapambo. Mimi siziondoi hata siku moja. Mama anaishukuru kampuni kwa sababu mbili: anaonyesha kwamba hana ugomvi na mwajiri bali na tendo moja, na anaweka kwenye maandishi kwamba yupo kazini tangu 2019. Ukiziondoa umemwondolea adabu pamoja na ushahidi wa muda wa utumishi. Tahadhari pekee ni kutoziongezea chumvi. Sentensi moja iwe sentensi moja. Ikifika Kiingereza ikiwa imejaa furaha, msomaji atadhani mama ameridhika na analeta maoni.

"Naomba" ndiyo inayowasumbua zaidi vijana ninaowafundisha. Mmoja huitafsiri kama kuombaomba, mwingine kama kudai. Katika barua rasmi ya Kiswahili, "naomba" ni namna ya kawaida ya kusema unachotaka kifanyike, na ikifuatwa na "nirudishiwe haki yangu" inakuwa imara: mtu haombi hisani, anaomba kilicho chake. Kiingereza kina kitenzi rasmi cha kuomba kwa maandishi ambacho hakipigi magoti wala hakitoi amri. Hicho ndicho. Ila "haki yangu" isipotee. Ikigeuzwa kuwa "malipo" peke yake, umefikisha kilo na umeacha dhuluma.

Nani, lini, mara ngapi

Kiswahili hakina jinsia katika "yeye" wala katika kiambishi "a-". Kiingereza kinakulazimisha uchague. Hapa ndipo kijana wa Mafinga alipoteleza, kwa kuwa kichwani mwake karani ni mwanaume. Njia ya kwanza na bora ni kuuliza. Kama mwenye barua hapatikani, usikisie. Rudia cheo: "karani wa mizani" katika kila sentensi, hata kama inachosha masikio. Najua Kiingereza cha siku hizi kina namna ya kumtaja mtu mmoja kwa kiwakilishi cha wingi ili kukwepa jinsia. Kwenye barua ya malalamiko naiogopa namna hiyo. Msomaji wa mbali anaweza kudhani makarani ni watatu au wanne waliokula njama, na tayari umeongeza watuhumiwa.

Saa nne kwetu ni saa kumi kwa hesabu ya Kiingereza, na kosa hili bado nakutana nalo kwa watu wenye shahada. Saa nne asubuhi chai ndiyo kwanza inafika mizani mara ya kwanza. Ukiandika nne, ofisa atatafuta kwenye daftari la alasiri na hatakuta ile 26. Ataandika kwamba madai hayakuthibitishwa. Mama hakuandika "asubuhi" kwa kuwa kila mtu shambani anajua. Nilimuuliza, akathibitisha. "Tangu mwezi wa tatu" nayo ni tangu Machi. Nimeshaiona ikiandikwa "kwa miezi mitatu", na barua ikiwa ya Agosti hiyo ni tofauti ya miezi miwili au zaidi ya kilo.

Sasa "ananikata kilo". Kiambishi "-na-" kinaweza kumaanisha anakata sasa hivi au ana desturi ya kukata. Kikiandamana na "tangu mwezi wa tatu" ni wazi jambo linajirudia, kwa hiyo Kiingereza lazima kionyeshe mwenendo uliotoka Machi na unaendelea, siyo tukio moja. Lakini mara ngapi? Kila siku? Kila wiki? Barua haisemi. Nilipomuuliza mama alinieleza kwa kirefu: si kila siku, ni siku ambazo anaonekana amechuma nyingi, na hasa akiwa wa mwisho kwenye foleni.

Ni maelezo mazuri mno. Ila mimi siruhusiwi kuyaweka kwenye Kiingereza.

Nalisisitiza kwa sababu ndipo wafasiri wenye moyo mwema wanapoharibu. Kilichosemwa kwa mdomo mbele yangu hakimo kwenye barua. Nikikiingiza katika tafsiri, karatasi mbili hazitalingana, na yeyote atakayezilinganisha ataona kwamba mtu wa kati ameongeza mambo. Dawa yake ni rahisi: mama achukue kalamu aongeze sentensi hiyo kwenye Kiswahili chake, aweke tarehe na sahihi pembeni, ndipo mimi niitafsiri. Upungufu wowote wa barua unarekebishwa na mwenyewe, katika lugha yake. Mama alifanya hivyo, akaongeza na tarehe ya ile Jumanne ambayo hakuwa ameitaja.

Uzito wa tuhuma

"Nilisemwa sana" haimaanishi watu walimzungumzia. Kumsema mtu ni kumgombeza, kumkaripia. Kiingereza kina maneno ya kukaripiwa mbele za watu ambayo hayafiki kutukanwa, na mimi nilibaki hapo, kwa kuwa mama hakuandika matusi. Pia ameandika kwa kauli ya kutendwa: alisemwa, akaambiwa. Na nani? Sentensi za kabla na za baada yake zinamhusu karani, lakini hapa hakutajwa. Inawezekana alikuwa nyapara, inawezekana wote wawili. Kiingereza cha ofisini hupenda kujua mtendaji, na mkono wa mfasiri huwashwa kumweka karani. Nikaacha kauli ya kutendwa kama ilivyo, nikamwonyesha mama pengo hilo. Akasema aliyemsema ni nyapara, ila hataki kumtaja kwa maandishi bado. Ni uamuzi wake, na barua imebaki na pengo alilolitaka mwenyewe.

"Kama sitaki kazi niondoke" ina "kama" ndani yake, na hiyo "kama" ni ya thamani. Tafsiri ya kwanza iliandika kwamba mama aliambiwa aondoke kazini. Kwa sheria yetu hiyo ni tofauti kubwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ina siku 60. Mtu ambaye barua yake inasema alifukuzwa wakati bado anachuma kila siku anajichanganyia hesabu ya siku na kumpa mwajiri nafasi ya kusema aliondoka mwenyewe. Alichoambiwa mama ni kejeli yenye kitisho: ondoka ukitaka, wapo wengi wanaoitaka nafasi yako. "Wenye shida wako wengi" nayo ibaki, kwa maana ndiyo inayoonyesha jinsi alivyodharauliwa. Shida hapa ni dhiki ya maisha, siyo watu wenye matatizo ya tabia.

Neno zito kuliko yote ni "nimeonewa". Kiswahili kina ngazi hapa, na kila msomaji wa Kiswahili anazisikia: kudharauliwa, kuonewa, kudhulumiwa, kunyanyaswa. Kuonewa ni mwenye nguvu kukutendea isivyo haki kwa kuwa anajua huna la kumfanya. Kudhulumiwa kunaongeza kitu kilichochukuliwa. Kunyanyaswa ni mateso yanayoendelea, na katika ofisi za siku hizi neno hilo limeshikamana na jinsia. Kwa upande wa Kiingereza, neno ambalo wengi hulikimbilia ni lile la unyanyasaji, na katika sera za kampuni za kimataifa neno hilo ni mlango wa jalada la aina yake, lenye kamati yake na adhabu zake. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Mama akitaka kupita mlango huo ni haki yake, ila aupite kwa neno lake. Alichoandika ni kwamba ametendewa isivyo haki na mtu aliye juu yake. Nikaandika hivyo kwa maneno kadhaa, kwa kuwa neno moja la Kiingereza lenye ukubwa uleule sikulipata. Si aibu neno moja kuwa matano ikiwa uzito umebaki.

"Roho imeniuma" nimeipeleka kama kuumizwa sana moyoni kwa lugha ya kawaida ya hisia. Isiende kama maumivu ya kifua. Ofisa wa afya na usalama kazini angeanza kuulizia zahanati.

"Nitafika mbele zaidi" inataka subira. Mbele wapi? Ofisi ya meneja, chama cha wafanyakazi, ofisa kazi wa mkoa, Tume? Kiswahili kimeuacha wazi kwa makusudi. Ni onyo la mtu mzima: najua pa kwenda, ila nawapa nafasi. Ukiandika mahakama umemtolea kadi ambayo bado ameifumbata mkononi. Ukiandika kwamba atafuatilia, onyo limekufa. Nikachagua maneno ya kulipeleka jambo ngazi ya juu zaidi bila kuitaja ngazi. Kiingereza nacho kinasikika kama onyo, na nacho kimebaki wazi.

Methali mbili

Turudi kwenye mkono mtupu. Kitenzi "alinifuata" kwa Kiswahili cha kila siku ni alinijia, alikuja kuniona. "Nifuate ofisini" hakumwogopeshi mtu. Kitenzi cha Kiingereza kinachokaribiana nacho kina kivuli cha kumwandama mtu, na mwanamke akiandamwa jioni msomaji hashangai kinachofuata. Kwa hiyo ni "alikuja kwangu". "Mtupu" hapa ni usio na kitu. "Mtupu" wa uchi ni maana nyingine ya neno hilohilo, na aliyeichagua hiyo alifungua kamusi bila kufungua sikio. Na "haulambwi" ni picha ya mkono uliotoka kwenye chakula.

Je, niandike tu kwamba karani aliomba rushwa? Hapana, na hapa nimebishana na wenzangu. Mama hakuandika rushwa. Ameripoti maneno aliyoambiwa, na maneno aliyoambiwa ndiyo ushahidi. Rushwa ni kosa la jinai, na anayemtaja mtu kwa kosa hilo awe amekusudia. Lakini nikiiacha methali peke yake, msomaji wa mbali hataelewa chochote au ataelewa vibaya. Suluhisho langu ni kuandika methali kwa maana yake ya wazi ndani ya alama za kunukuu, kwamba mkono usio na kitu haulambwi, kisha kuweka maelezo ya mfasiri chini ya ukurasa, yenye alama inayoonyesha kuwa si maneno ya mama: methali ya Kiswahili, kwa kawaida hutumika kumdokeza mtu kwamba atoe kitu ndipo asaidiwe. Sentensi moja, bila hukumu. Kama mama angeandika kwamba karani alitaka "chai", ningefanya vilevile, tena kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa katika barua hiyohiyo chai ya kuchuma imetajwa na msomaji angechanganyikiwa kabisa.

Methali ya mwisho ni hatari kwa namna nyingine. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" ikigeuzwa neno kwa neno inazungumzia kumnyonga mtu, na barua ya malalamiko yenye kunyonga inaweza kuishia kwa watu wa ulinzi. Maana yake ni kwamba hata ukimtendea mnyonge utakavyo, kilicho chake usimnyime. Hapa nilibadilisha mpangilio: maana ndani ya barua, na picha yenyewe kwenye maelezo ya mfasiri. Sababu ni kwamba methali hii ni sauti ya mama mwenyewe akifunga hoja, haikuwa nukuu ya mtu mwingine. Hakuna ushahidi unaopotea kwa kuifafanua.

Kuirudisha kwa mwenyewe

Barua ikikamilika natafuta mtu anayejua lugha zote mbili ambaye hajaiona ile ya Kiswahili, anasoma Kiingereza na kuniandikia upya kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo namsomea mlalamikaji. Kwa mama, sehemu ya kati ilirudi hivi: "Tangu Machi karani wa mizani amekuwa akipunguza uzito wa chai yangu. Nilipouliza nilikaripiwa sana mbele ya wenzangu, nikaambiwa kwamba kama siitaki kazi naweza kuondoka, kwani wapo wengi wenye dhiki. Jioni karani wa mizani alikuja kwangu akaniambia kwamba 'mkono usio na kitu haulambwi'. Nimetendewa isivyo haki na mtu mwenye mamlaka juu yangu, na nimeumizwa sana moyoni."

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapo pa kuondoka, hawataona kama nimekubali kuondoka?" Tukarudi kwenye Kiingereza, tukaona neno la "naweza" limekuwa laini mno, kama ruhusa. Tukalibadilisha likawa amri yenye "kama" mbele yake, kama alivyoambiwa. Mfasiri nilikuwa nimelipita mara tatu bila kuliona.

Kinachotumwa ni karatasi zote mbili: ya Kiswahili iliyoandikwa kwa mkono, imepigwa picha ikiwa na sahihi, na tafsiri yenye sentensi zilizopewa namba zilezile ili mtu aweze kulinganisha. Panapokuwa na neno lililokatwa au lisilosomeka, tafsiri inasema hivyo kwenye mabano ya mraba. Chini naandika kwamba maelezo ya mfasiri si sehemu ya barua, na kwamba pakitokea tofauti Kiswahili ndicho cha kufuatwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya kutoa haki nchini, kwa hiyo jambo likifika Tume, karatasi ya mama ndiyo itakayofunguliwa kwanza.

Aliiweka nakala yake kwenye mfuko wa nailoni, akaikunja mara mbili, akaniomba nimwandikie kwa nyuma, kwa penseli, namba ya sentensi yenye 31 na 26, ili akipigiwa simu na mkalimani ajue pa kuweka kidole.